Ankara imezidi: namna ya kudai kredit noti kwa bei isiyo sahihi au mstari uliorudiwa

Wenzangu wanaonunua mali kwa ajili ya shule, zahanati na sehemu za ujenzi hukwama pale pale kila mara. Wanaona ankara imezidi, wanampigia simu aliyewauzia, wanaambiwa "sawa, tutarekebisha", kisha miezi miwili baadaye akaunti yao inafungwa kwa deni ambalo si lao. Simu ilipokelewa vizuri. Tatizo ni kwamba karani wa hesabu upande wa pili hakupewa kitu cha kumwezesha kukaa kwenye kompyuta na kutoa kredit noti.

Kredit noti ni hati anayoitoa muuzaji kupunguza ankara aliyokwisha kuitoa. Ankara ikishaingia kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haifutwi. Hupunguzwa kwa hati nyingine inayoitaja kwa namba yake. Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa mnunuzi na muuzaji waliosajiliwa VAT ya asilimia 16 na wanaotumia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Nitatumia ankara moja mwanzo hadi mwisho: mali ya ujenzi iliyoletwa kwenye shule ya bweni ninayoishikia hesabu huku Kilifi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usipige simu wala kuandika kabla hujaweka hivi mezani:

- Ankara yenyewe, yenye msimbo wa QR wa KRA. Proforma haitoshi, kwa sababu haidaiwi wala haitolewi kredit noti.
- LPO uliyotuma, yaani oda ya kununua, na kotesheni iliyoizaa. LPO ndiyo inayosema mlikubaliana bei gani.
- Delivari noti zote za mzigo huo, yaani zile karatasi unazosaini dereva akishusha mali. Sisitizo liko kwenye neno "zote". Mzigo ukija kwa safari mbili, karatasi ni mbili.
- Taarifa ya akaunti yako kutoka kwa muuzaji, ya mwezi huo.
- Kikokotoo na kalamu ya rangi.

Delivari noti ikikosekana, mwombe mlinzi wa geti au mtu wa stoo kabla ya kumwomba muuzaji. Nakala ya muuzaji inaweza kuwa haina maneno uliyoyaandika kwa mkono wakati wa kupokea, na mara nyingi maneno hayo ndiyo ushahidi wako wote.

## Hatua ya 1: Linganisha mstari kwa mstari, usianze na jumla

Hii ndiyo ankara yetu, ya tarehe 6 Machi. Bei zote ni kabla ya VAT.

| Mali | Idadi | Bei ya kimoja | Jumla (KSh) |
|---|---|---|---|
| Saruji, mifuko | 120 | 680 | 81,600 |
| Nondo milimita 12 | 60 | 1,050 | 63,000 |
| Mabati geji 30 | 40 | 820 | 32,800 |
| Misumari ya paa, kilo | 10 | 210 | 2,100 |
| Bati la paa mita 3 | 15 | 820 | 12,300 |

Jumla kabla ya VAT ni 191,800. VAT ni 30,688. Ya kulipa: 222,488.

Chukua LPO upande wa kushoto na ankara upande wa kulia. Anza na safu ya bei peke yake, usiangalie idadi. LPO yetu ilisema saruji ni 640, ankara inasema 680. Weka alama.

Kabla hujashangilia, hakikisha bei zote mbili ziko upande mmoja wa VAT. Madai mengi ya uongo, ambayo anayedai hajui kuwa ni ya uongo, huzaliwa hapa. Shilingi 640 kabla ya VAT ni 742.40 baada ya VAT. Ukiona 742.40 kwenye ankara na 640 kwenye LPO, hakuna kosa lolote, ila ukiandika barua ya kulalamika utakuwa umejiharibia jina kwa barua itakayofuata. Kwetu, jumla ndogo ya 191,800 imeandikwa juu ya mstari wa VAT, kwa hiyo 680 ni bei kabla ya VAT na kosa ni la kweli.

Angalia pia kipimo. Misumari huuzwa kwa kilo na kwa katoni. Ikiwa LPO ina bei ya kilo na ankara ina bei ya katoni, utaona bei "imepanda" mara kadhaa, lakini kilichokosewa ni kipimo, na marekebisho yake ni tofauti: lazima idadi na bei vibadilike pamoja.

Sasa nenda kwenye idadi, na hapa achana na LPO, shika delivari noti. Mstari uliorudiwa ni mgumu kuona kwa sababu haurudiwi kwa jina lile lile. Mfumo wa muuzaji ungewashtua wenyewe kama ungekuwa na msimbo mmoja wa bidhaa mara mbili. Unaotupita ni ule ulioandikwa "mabati geji 30" juu na "bati la paa mita 3" chini: maneno mawili, mali moja, bei moja. Njia yangu ni kusoma safu ya bei na kuuliza: kuna bei yoyote inayojitokeza mara mbili? Hapa 820 imejitokeza mara mbili. Kisha najumlisha idadi ya mistari hiyo, 40 na 15, napata 55, nalinganisha na kilichopokelewa.

Delivari noti ya 3 Machi ilikuwa na mabati 25. Ya 5 Machi ilikuwa na mabati 15. Jumla 40, sawa na LPO. Mabati 15 yamelipishwa mara mbili.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema kosa kwa sentensi moja yenye namba: "Mstari wa 5, mabati 15 kwa 820, tayari yamo ndani ya mabati 40 ya mstari wa 3." Kama sentensi yako bado ni "ankara hii imezidi", rudi mezani.

## Hatua ya 2: Jua kosa limezaliwa wapi

Si kwa ajili ya kulaumu. Ni kwa sababu makosa haya mawili yanaidhinishwa na watu wawili tofauti ndani ya duka la muuzaji, na usipolijua hilo barua yako itazunguka kutoka meza hadi meza.

Bei isiyo sahihi huidhinishwa na mtu wa mauzo. Karani wa hesabu hana ruhusa ya kukubali kuwa saruji ni 640. Anachokiona kwenye mfumo ni bei ya orodha, 680. Mauzo walikupa punguzo la shilingi 40 kwa sababu ulichukua mifuko mingi, wakasahau kuliingiza. Kwa hiyo karani atamuuliza mtu wa mauzo, naye akiwa safarini Malindi, suala linalala.

Mstari uliorudiwa huidhinishwa na stoo. Kwetu chanzo kilikuwa safari mbili: karani mmoja aliandika ankara kutoka kwenye LPO akaweka mabati 40, kisha delivari noti ya safari ya pili ikamfikia, akadhani ni mali mpya, akaiongeza chini. Karibu kila mstari uliorudiwa niliouona katika mali ya ujenzi una safari ya pili nyuma yake. Kwa hiyo mzigo ukigawanywa, kagua ankara mara mbili.

Kabla ya kuendelea, jiulize swali moja lisilopendeza: je, kotesheni ilikuwa bado hai? Kotesheni nyingi zina maneno kama "bei hii ni ya siku 14". Ikiwa ulituma LPO siku ya 20, muuzaji ana hoja. Hoja yako iliyobaki ni kwamba aliipokea LPO yenye bei 640 na akaleta mali bila kupinga. Ni hoja nzuri, lakini iandike kwa lugha ya kuomba, si ya kushtaki.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya kredit noti mpaka senti ya mwisho

Usimwachie muuzaji kazi hii. Ukimpa kiasi kamili, kazi yake inabaki kuthibitisha na kuchapa.

Kosa A, saruji: 680 toa 640 ni 40. Mara mifuko 120 ni 4,800.

Kosa B, mabati: 15 mara 820 ni 12,300.

Jumla kabla ya VAT: 17,100. VAT ya asilimia 16: 2,736. Kredit noti inayodaiwa: 19,836.

Sasa jihakikishie kwa njia ya pili. Ankara sahihi ingekuwa 174,700 kabla ya VAT, na VAT yake 27,952, jumla 202,652. Toa hiyo kwenye 222,488 unapata 19,836. Njia mbili zimekutana, hesabu imetulia. Zisipokutana, mara nyingi umesahau VAT. Nimewahi kuona madai ya 17,100 yakilipwa upesi bila swali, mnunuzi akafurahi, kumbe ameacha 2,736 mezani kwa mkono wake mwenyewe.

## Hatua ya 4: Andika, na uandike kwa idara ya hesabu

WhatsApp kwa kijana wa mauzo ni heshima, mpigie umjulishe. Lakini dai lenyewe liende kwa barua pepe ya idara ya hesabu, nakala kwa mauzo. Mimi nilijifunza kwa uchungu: nilituma sauti ya dakika mbili kwa mtu wa mauzo, akajibu kwa dole gumba, akahama kazi mwezi uliofuata. Aliyekuja baada yake hakuwa na lolote la kusikiliza.

Tenganisha kosa A na kosa B, kila moja na ushahidi wake. Ndivyo stoo inavyoweza kuidhinisha mabati hata kama mauzo bado wanajadili saruji. Barua yetu ya 10 Machi ilikuwa hivi:

> Mada: Ankara 4471 ya 6 Machi, ombi la kredit noti ya KSh 19,836
>
> Kwa Idara ya Hesabu,
>
> Tumekagua ankara 4471 (KSh 222,488) dhidi ya LPO yetu 0318 na delivari noti zenu za 3 na 5 Machi. Tumeona makosa mawili.
>
> A. Mstari wa 1, saruji. Bei ya LPO ni 640, iliyotozwa ni 680. Tofauti 40 × mifuko 120 = 4,800. Ushahidi: LPO 0318 na kotesheni yenu ya 24 Februari.
>
> B. Mstari wa 5, mabati 15 × 820 = 12,300. Mabati haya tayari yamo katika mstari wa 3. Tumepokea 25 tarehe 3 na 15 tarehe 5, jumla 40. Ushahidi: delivari noti mbili zilizosainiwa. Hakuna mali ya kurudisha.
>
> Jumla 17,100, VAT 2,736, jumla kuu 19,836.
>
> Tunaomba kredit noti ya eTIMS dhidi ya ankara 4471, yenye PIN yetu ya KRA, kabla ya 25 Machi. Ikiwa kosa moja linahitaji muda zaidi, tafadhali toeni kredit noti ya lile jingine kwanza.
>
> Kiasi kisicho na mgogoro, KSh 202,652, kitalipwa kwa wakati wake.

Ofisi nyingi huku huandikiana kwa Kiingereza. Ukilazimika kuigeuza, usibadilishe mpangilio.

Maneno mawili pale yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. "Hakuna mali ya kurudisha" yapo kwa sababu mfumo wa muuzaji mara nyingi huichukulia kredit noti ya idadi kama mali iliyorudishwa dukani. Bila maneno hayo, mtu wa stoo atakupigia akiuliza yako wapi mabati 15, na kredit noti itasimama hadi ayaone. Na ile tarehe, 25 Machi, ipo ili kredit noti iingie mwezi ule ule wa ankara. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 7.

Ambatisha picha zinazosomeka. Delivari noti iliyopigwa picha gizani, ikakunjamana, itakurudishia barua ya "tafadhali tuma upya", na hapo siku tatu zimekwenda.

Unataka jibu la namna gani? Si "tumepokea". Unataka jina la anayelishughulikia, au namba ya dai, au swali mahususi. Usipopata hata kimoja ndani ya siku tatu za kazi, piga simu ukiwa na barua mbele yako, uliza nani analo, kisha umwandikie huyo huyo.

## Hatua ya 5: Lipa kisichobishaniwa, na ueleze ulicholipa

Hapa ndipo watu wengi huteleza kwa pande mbili zinazopingana. Wengine huzuia ankara nzima ya 222,488, na muuzaji mwenye haki ya 202,652 anakasirika kwa haki. Wengine hukata 19,836 kimyakimya na kulipa kilichobaki. Kwa mfumo wa muuzaji hilo halisomeki kama dai, linasomeka kama deni. Siku 30 zikipita, akaunti inajifunga yenyewe, na lori la saruji la wiki inayofuata halitoki.

Siku ya kulipa ikifika, lipa 202,652 na utume mchanganuo siku hiyo hiyo: ankara 4471, jumla 222,488, imelipwa 202,652, iliyobaki 19,836 inasubiri kredit noti, tazama barua ya tarehe 10 Machi. Ukilipa kwa M-Pesa kwenye Paybill, sehemu ya namba ya akaunti haina nafasi ya maelezo yote hayo, kwa hiyo mchanganuo wa barua pepe si wa hiari.

Ikiwa ulishalipa yote kabla ya kugundua kosa, dai halijafa. Badilisha tu aya ya mwisho ya barua: sema kama unataka fedha zirudishwe au zikae kwenye akaunti kupunguza ankara ijayo. Usiache wao wachague, kwa sababu wasipoambiwa hawatafanya lolote.

Tahadhari. Utaambiwa: "Usijali, tutakufidia kwenye oda ijayo." Kataa kwa upole. Punguzo kwenye oda ijayo haligusi ankara 4471. Kule KRA itabaki ununuzi wako ni 191,800 wakati uhalisia ni 174,700, na siku mtu wa ukaguzi akiuliza kwa nini bei ya saruji ya Mei iko chini ya soko, huna karatasi ya kumwonyesha.

## Hatua ya 6: Ikague kredit noti kabla ya kushukuru

Kredit noti ikija, isome kama ulivyosoma ankara. Angalia mambo manne.

Kwanza, msimbo wa QR. Uchanganue kwa simu. Unapaswa kukupeleka kwenye ukurasa wa KRA wenye kiasi kile kile. Karatasi iliyochapwa kutoka Excel yenye kichwa cha habari kizuri ni ahadi tu, haijapunguza kitu.

Pili, namba ya ankara ya asili. Lazima iwe 4471. Nilishapokea kredit noti iliyotaja ankara ya mwezi uliotangulia kwa sababu karani alichagua mstari wa juu kwenye orodha. Kiasi kilikuwa sawa, lakini 4471 ikaendelea kudai.

Tatu, PIN yako. Ikikosekana, kredit noti inapunguza mauzo ya muuzaji lakini haijulikani kuwa ni yako.

Nne, kiasi na VAT yake: 17,100, 2,736, 19,836. Tazama pia namna mistari ilivyoandikwa. Saruji isomeke mifuko 120 kwa 40. Mabati yasomeke 15 kwa 820.

Si kila mfumo unakubali kupunguza bei peke yake. Baadhi ya wauzaji watakuambia wanaweza tu kufuta ankara nzima kwa kredit noti kisha watoe mpya. Hilo linakubalika, mradi upate karatasi zote mbili siku moja: kredit noti ya 222,488 na ankara mpya ya 202,652. Hatari ni kupewa ankara mpya leo na kuahidiwa kredit noti kesho. Hapo una ankara mbili hai za mzigo mmoja, na tatizo la shilingi 19,836 limekuwa la shilingi laki mbili. Katika njia hii usilipe ankara mpya mpaka umeiona kredit noti ya ile ya zamani.

## Hatua ya 7: Iingize kwenye vitabu kwa mpangilio sahihi

Ingiza ankara 4471 kama ilivyo, 222,488, hata kama unajua ina kosa. Kisha ingiza kredit noti, 19,836. Ukiingiza ankara kwa 202,652 tangu mwanzo kwa sababu "ndiyo sahihi", kredit noti itakapofika utaipunguza mara ya pili na vitabu vyako vitasema muuzaji anakudai 182,816. Kosa hili nimelirekebisha kwenye vitabu vya watu zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye vitabu alikuwa mtu makini sana.

Kwenye VAT, ikiwa unaruhusiwa kuidai, ankara ya Machi huingia kwenye ritani inayowasilishwa kabla ya 20 Aprili. Kredit noti ikitoka Machi, vyote viwili vinaingia pamoja na VAT unayodai ni 27,952. Ikitoka Aprili, ritani ya Machi itakuwa na 30,688 na ile ya Aprili itapungua kwa 2,736. Hukupoteza kitu, lakini usisahau kupunguza. Muuzaji ameshaipunguza upande wake, na KRA wanaona pande zote mbili.

Utajua umemaliza ukipokea taarifa ya akaunti ya mwezi unaofuata. Tafuta mistari mitatu: ankara 4471 ya 222,488, malipo ya 202,652 na kredit noti ya 19,836. Salio la ankara hiyo liwe sifuri. Kredit noti ikiwa imeorodheshwa peke yake chini, haijafungwa na ankara, omba waifunge. Mfumo unaweza kuendelea kukuhesabu mdaiwa wa zaidi ya siku 60 huku salio la jumla likiwa sawa.

## Wakikaa kimya au wakikataa

Kikomo ni miezi 6. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kredit noti kutolewa baada ya miezi 6 tangu tarehe ya ankara, isipokuwa pale ambapo mgogoro wa bei umefikishwa mahakamani. Ankara ya 6 Machi inaishia 6 Septemba. Muuzaji anayekuchelewesha anaweza, hata bila nia mbaya, kufika mahali ambapo hawezi tena kukusaidia akitaka. Iandike tarehe hiyo juu ya ankara kwa kalamu ya rangi siku unayogundua kosa, na mwezi wa pili ukipita bila jibu, iandike pia kwenye barua kwa meneja wa hesabu.

Wakikataa kosa B, omba delivari noti iliyosainiwa ya mabati 55. Hawatakuwa nayo. Lakini kama mtu wako alisaini bila kuhesabu na karatasi inasema 55, basi mzozo si wa ankara tena, ni wa kupokea mali, na kredit noti haitatoka hadi stoo zote mbili zikae na kuhesabu.

Wakikataa kosa A wakisema bei ilipanda, waulize ni lini walikujulisha kwa maandishi kabla ya kushusha mzigo. Jibu likiwa "tulimwambia fundi wenu kwa simu", muulize fundi. Mara moja nilimuuliza wangu nikiwa na uhakika wote duniani, akainamisha kichwa: aliambiwa, akasema leteni tu. Tofauti ya bei tuliilipa, na tangu siku hiyo LPO zetu zina mstari mmoja chini unaosema bei haibadiliki bila LPO mpya kutoka ofisini.

Kwa kiasi hiki ukifika mwisho wa barabara, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, na wakili si lazima. Utakachobeba ni faili lile lile: LPO, kotesheni, delivari noti mbili, barua ya 10 Machi na mchanganuo wa malipo.